Mwezi Ulioandama Juu ya Duka la Bonifasi

Mbaruku ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nimempikia, nimempelekea uji alipoumwa tumbo, nimemwosha mkewe alipokufa, na miaka thelathini na mitatu sijamsamehe. Watu wananiambia, Bi Sikudhani, mambo hayo ya zamani. Zamani ya nani? Mimi nayasikia kila siku nikipita njiani.

Hesabu ya miaka naijua bila shule. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa msimu huu huu, mahindi mabichi shambani na ufuta unatoa maua. Mfungo unarudi nyuma siku kumi na kitu kila mwaka, unapita kwenye kulima, unapita kwenye korosho, unapita kiangazi, unazunguka mwaka mzima mpaka unafika ulipoanzia. Ukifika hapo ni miaka thelathini na mitatu. Mimi nimeuzungusha wote na kinyongo changu mgongoni kama mtoto.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mke kijana, Zulfa ananyonya. Siku ya ishirini na tisa ya mfungo nipo shambani juu ya dungu, nafukuza ngedere kwenye mahindi. Jua likazama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mawingu yamejaa, lakini magharibi pakapasuka mpasuko mdogo, na ndani ya mpasuko nikauona mwezi. Mwembamba, umelala chali, pembe zote mbili juu kama bakuli la uji. Nikashuka dungu mbio mpaka nikaangusha khanga, nikafika kijijini hapa Nandagala nikawakuta wanaume wametoka kuswali magharibi. Nikasema, nimeuona mwezi, pembe juu, kesho Idi.

Mbaruku ndiyo kwanza amerudi chuo kule Lindi, wamempa uimamu, kanzu bado ina mikunjo ya dukani. Akaniuliza, nani mwingine ameuona? Nikasema ngedere. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Shemeji, mwezi wa kufungulia unataka mashahidi wawili, wanaume, waadilifu. Wewe ni mwanamke, peke yako, hujui hata alifu. Hujaona kitu. Umebahatisha."

Hapo kwenye mashahidi sikugombana naye, kama sheria ni wawili ni wawili. Ningekaa kimya. Nililogombana nalo ni lile neno la mwisho. Tungesubiri redio, lakini redio ya kijiji ilikuwa moja, yake, na betri zake alikuwa amezianika juani siku nzima zipate nguvu, mvua ikazinyeshea. Redio ikakohoa ikafa.

Asubuhi kijiji kizima wamefunga. Mimi macho yangu yameona, na siku ya Idi kufunga ni haramu. Nikachoma mahindi mawili, nikakaa mlangoni, nikala. Ningeweza kula ndani. Nilikaa mlangoni. Wanawake waliokwenda kisimani wakapita upande wa pili wa njia kama nina ukoma. Mume wangu, Mungu amrehemu, akageukia ukuta.

Saa sita mchana likaja lori kutoka Nachingwea, limejaa watu wamevaa kanzu na magauni mapya, wanapiga vigelegele, Idi mubaraka, Idi mubaraka. Wakatukuta midomo mikavu. Tangazo lilikuwa limetoka jana yake jioni, nchi nzima inakula. Watu wakakimbilia mitungi. Wakati wa swala ya Idi umeshapita, ikabidi waiswali kesho yake peke yao, kijiji kimoja duniani kinaswali Idi ya viporo. Na kwenye hiyo swala Mbaruku akasimama mbele ya watu, mimi nimekaa nyuma kwenye mkeka na wanawake wenzangu nasubiri aseme, akasema, "Shemeji yetu hakuona. Alibahatisha, bahati ikamwangukia."

Basi nikapata jina. Bi Bahatisha. Zulfa alipoanza shule akaitwa Zulfa Bahatisha. Nikienda gulio la Nanganga kuuza kunde nasikia, ngapi fungu, Bi Bahatisha? Mpaka mtu aliyezaliwa juzi.

Sasa mwaka huu, mfungo uliporudi ulipoanzia, mjukuu wangu Hadija, bintiye Zulfa, amepata mchumba Nachingwea. Wakwe wakasema, ndoa Idi mosi, baada ya swala, watu wote wapo nyumbani. Sawa. Lakini Idi mosi ni lini? Hapo ndipo tulipoanza kuwa wehu.

Kwa sababu baba yake Hadija, huyo Faridi mkwe wangu, anafuata mwezi wa kimataifa. Ukionekana popote duniani, kwake umeonekana. Mimi simlaumu, kila mtu na kitabu chake. Lakini walianza kufunga siku moja kabla yetu, kwa hiyo siku yetu ya ishirini na tisa, sisi tumekaa na njaa, yeye alishaswali Idi na wenzake Ruangwa mjini, amerudi na kanzu nyeupe, anachokonoa nyama kwenye meno katikati ya ua wangu.

"Leo ni Idi mosi," akasema. "Ndoa ilikuwa leo."

"Baba Hadija," Zulfa akamwambia, "tulikubaliana Idi mosi ya redio."

"Sikatai. Nasema tu kwamba kesho mimi nitamwozesha mwanangu Idi pili, na keshokutwa Idi tatu."

"Ozesha hata Idi kumi," nikamwambia, "lakini ondoa hicho kijiti mdomoni, wenzako tumefunga."

Akakiondoa. Akakiweka sikioni.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi ukionekana jioni hiyo, kesho Idi, kesho ndoa. Usipoonekana, tunatimiza thelathini, ndoa keshokutwa. Wakwe walikuwa wamekodi Coaster, watu thelathini, dereva anataka kujua. Ng'ombe amefungwa kwenye mkorosho, na mchinjaji wetu Kasmiri amekaa pembeni yake ananoa kisu. Ng'ombe mzima akichinjwa leo na Idi isiwe kesho, nyama itakaa siku nzima na joto hili, friji hakuna, na watu wote wamefunga hakuna wa kuila ila Faridi. Asipochinjwa leo na Idi ikawa kesho, wageni watakula wali na salamu. Zakatul fitri nayo ipo kwenye ndoo, mchele, Zulfa amepima kilo mbili na nusu kwa kila kichwa cha nyumba, inatakiwa itoke kabla ya swala ya Idi. Vitu vyote vimesimama vinangojea mwezi.

Nikamwambia Kasmiri, "Usiguse huyo ng'ombe mpaka usikie tangazo."

"Nikisikia takbira msikitini nachinja," akasema.

"Nimesema tangazo."

"Bibi, takbira si ndiyo tangazo?"

Huyu Kasmiri nilimwona akizaliwa. Alichelewa kulia.

Jua likazama, tukafungua kwa tende na uji, watu wakatoka nje kutazama. Magharibi kote wingu, zito, jeusi, kama sufuria imefunikwa. Wanaume wamesimama nyuma ya msikiti, shingo ndefu. Nami nilitazama, kila mwaka natazama. Nikatafuta mpasuko kama ule wa dunguni, haupo. Nikarudi zangu nyumbani, nikawasha redio yangu. Redio ya kwanza niliinunua mwaka uleule wa aibu kwa ufuta wangu, zimekufa tatu, hii ya nne, na kila Ramadhani naweka betri mpya. Sianiki.

Mara nikasikia spika ya msikiti inakwaruza. Halafu sauti ya Mbaruku. "Allahu akbar, Allahu akbar, laa ilaaha illallah."

Zulfa akapiga kigelegele. Hadija akaanza kulia, sijui kwa nini, wanawali wanalia tu. Zulfa akampigia simu mkwe mwenzie wa Nachingwea, Bi Swaumu. "Mwezi huo, dada, njooni, tokeni alfajiri." Kule nako vigelegele. Mimi nikauliza, redio mbona haijasema? Hakuna anayenisikiliza. Nikakimbia, nakimbia na miguu hii, kwenda kwenye mkorosho. Nikamkuta Kasmiri ameshakwisha. Ng'ombe amelala, damu inaingia mchangani, anapangusa kisu kwa jani.

"Nimesikia takbira," akasema.

Nikaenda msikitini. Watu wamejaa uani, wengine wanapeana mikono, lakini wengine wanaulizana, wapi? Upo wapi? Mbaruku ametoka na maiki mkononi, waya unamfuata, miwani yake ile minene ameipandisha puani, anaonyesha kidole.

"Pale. Juu ya duka la Bonifasi."

Tukatazama. Kweli, juu ya paa la Bonifasi kulikuwa na kitu cheupe, chembamba, kimejikunja.

"Mimi naona kama chuma, sheikh," mtu mmoja akasema kwa adabu.

"Macho yako machanga," Mbaruku akamjibu.

Simu yake ikalia. Alikuwa ni Sheikh Lukumani, sheikh wetu wa kata. Utaratibu uko hivyo: anayeona anampelekea habari imamu wake, imamu anampigia sheikh wa kata, wa kata anahoji, akiridhika anapeleka kwa sheikh wa wilaya, wilaya kwa mkoa, mkoa Dar es Salaam, kule wanakusanya habari za nchi nzima, kisha tangazo linasomwa redioni na kwenye televisheni. Hata usipoona unatoa habari kwamba hujaona. Hakuna kijiji kinachojiandamia mwezi chenyewe. Mbaruku anayajua hayo kuliko mimi, lakini wakwe wa Coaster walikuwa wamempigia simu mara nne, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ndoa, kichwa kimemchemka.

Akaweka spika ya simu ili watu wasikie sifa zake.

"Sheikh Mbaruku," Sheikh Lukumani akasema, "nasikia takbira kutoka kwako mpaka huku. Nani amekupa ruhusa?"

"Mwezi, sheikh. Nimeuona kwa macho yangu."

"Vizuri. Nikuhoji kwa utaratibu. Uliuona kabla ya jua kuzama au baada?"

"Baada."

"Upande gani wa pale lilipozamia?"

"Upande wa duka."

"Duka lipo upande gani?"

"Huku... kaskazini kidogo. Magharibi kaskazini. Kama unaelekea kisimani."

"Kimo chake toka chini?"

"Kama mabati matatu juu ya paa."

"Na pembe zake? Zinatazama wapi?"

"Zinatazama chini," Mbaruku akasema. "Umejiinamia, kama mwavuli."

Mimi nikajifunika mdomo kwa khanga. Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Mwezi mchanga mgongo wake unalielekea jua, na jua limeshazama chini. Pembe haziwezi kutazama chini. Ukiona hivyo basi jua liko juu ya mwezi, na hapo huna Idi, una kiyama.

Sheikh Lukumani akasema, "Sheikh Mbaruku, sasa hivi ni saa ngapi kwako?"

"Saa mbili kasorobo."

"Na mwezi ulikwenda saa ngapi?"

"Haujakwenda. Bado upo. Nautazama hapa ninapoongea na wewe."

"Mwezi wa siku moja? Mpaka saa hizi?"

"Naam. Umetulia kabisa, sheikh. Hautikisiki."

Hapo ndipo Bonifasi mwenyewe akatoka dukani, mkononi kitambaa cha kufutia kaunta. Akawaona watu mia wanatazama paa lake.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Tunatazama mwezi," mtu akamjibu.

Bonifasi akarudi nyuma hatua tatu, akatazama juu, akatazama watu. Yeye Mkristo, alikuwa anatafuta namna ya kusema asimvunjie mtu heshima. "Hilo ni dishi langu," akasema. "Nimewasha taa ya juu kwa sababu ya wezi, inamulika ukingo. Nizime?"

Akaingia akazima. Mwezi ukazama.

Simu bado iko wazi. Sheikh Lukumani akauliza, "Nini kimetokea?" Na Kasmiri, ambaye alikuwa amefika na damu mpaka kwenye viwiko, akainamia simu akasema, "Umezimwa, sheikh."

Mbaruku akawa anazungusha waya wa maiki mkononi. Tuseme ukweli, siyo aibu peke yake, ni ng'ombe. Ng'ombe amekufa kwa takbira yake. Akanishika pembeni, nyuma ya mapipa ya kutawadhia, Zulfa akiwa nyuma yangu.

"Shemeji," akaninong'oneza, "wewe macho yako ya mbali bado mazuri. Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Hukuona chochote kwenye wingu? Hata kidogo? Kama uzi?"

"Wingu."

"Fikiri vizuri. Wanaume wote wamegoma. Lakini wanawake wawili ni sawa na mwanamume mmoja. Ukisimama wewe na Zulfa, mkaongezwa kwangu..."

"Shemeji Mbaruku," nikamwambia, "mwaka ule nilikuwa mwanamke mmoja, nikawa si kitu. Leo mwezi wako umetoka dukani, nimekuwa nusu mwanaume?"

"Wakwe wanatoka alfajiri. Ni mjukuu wetu."

"Mjukuu wetu. Na wewe unataka niseme nimeona nisichokiona. Hiyo inaitwaje? Ina jina. Wewe mwenyewe ulinipa."

Nilingoja aliseme lile neno la kubahatisha, akalimeza kama kidonge, nikamwacha pale.

Sheikh Lukumani akampa amri asimamishe takbira, aadhini isha, waswali na tarawehe kama mfungo upo, wangojee tangazo. Kwa hiyo spika ileile ikakwaruza tena. "Ndugu waislamu, takbira imesitishwa kwa muda. Tarawehe itaendelea. Waliokwisha kupika..." Akakwama hapo, akazima.

Kijiji kikageuka tambara la deki, linasukumwa mbele, linarudishwa nyuma. Waliokwisha kula wali wa sherehe wakaanza kuulizana daku watakula nini. Zulfa akampigia Bi Swaumu wa Nachingwea. "Dada, subirini kidogo."

"Tusubiri nini? Dereva amelala na funguo."

"Mwezi umesitishwa."

"Mwezi unasitishwaje, mwenzangu?"

"Ulikuwa dishi."

Nikasikia Bi Swaumu anawaeleza watu wa kwake, na wa kwake wanauliza, dishi la nani, halafu kicheko kirefu cha wanaume. Zulfa akakata simu, akakaa juu ya kinu, akajishika kichwa. "Hawatakuja," akasema. "Watasema hii ni familia ya wendawazimu. Watamchukulia kijana wao mke kwingine." Hadija akaingia ndani akafunga mlango. Uani nyama nusu ng'ombe imetandazwa juu ya majani ya mgomba, nzi wa usiku wameanza kupeana habari. Zulfa akaniambia, "Mama, kama kesho siyo Idi, mimi naondoka, nitaenda Matambarale kwa shangazi nikafie huko." Faridi akasema kwa upole yupo tayari kula nyama hiyo kesho mchana, kwake hakuna kizuizi. Zulfa akamrushia mwiko.

Mimi nilikaa na redio mapajani. Wanaume wote msikitini, ukitoa Faridi na Kasmiri anayelinda nyama, wameingia tarawehe, simu zimezimwa, viatu mlangoni. Redioni wanaweka kaswida, wanaacha, wanaweka matangazo ya mbolea, wanaweka kaswida. Zulfa alikuwa amepiga magoti mbele ya redio. Hadija akatoka ndani akakaa naye, vidole vyake vyekundu kwa hina, ameuma khanga.

Kaswida ikakatika katikati. Sauti ikasema kwa utulivu kwamba habari zimepokelewa kutoka mikoani, mwezi wa Shawwal umeonekana, na kwamba kesho ni sikukuu ya Idi el Fitr. Ikarudia mara ya pili. Nilingoja irudie. Neno moja la redio halinitoshi.

Zulfa alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Hadija akacheka huku machozi yanamchuruzika mpaka shingoni. "Kumbe baba mdogo alisema kweli, kesho Idi," Zulfa akasema.

"Alibahatisha," nikamwambia. "Mpigie Bi Swaumu, mwambie redio imesema, asikilize mwenyewe. Mwambie Kasmiri akate nyama ndogo ndogo. Habari ya msikitini naipeleka mimi."

Nikajifunga khanga, nikabeba redio, nikaenda. Polepole. Njia ya dakika mbili nilikwenda kumi, magoti yangu mabaya. Nikafika kwenye ngazi ya msikiti, nikachungulia, wako rakaa ya nane. Mbaruku mbele anainuka kwa kujishika paja. Kwetu tarawehe ni ishirini.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikazima redio.

Msinihukumu. Kuswali ni thawabu, sikumzuia mtu thawabu. Nilisikiliza magoti yake yanavyolia, kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Wazee wawili walitoka kwa kibofu, wakaniona, mmoja akauliza, "Kuna tangazo?" Nikamwambia, "Maliza kwanza ibada yako." Wakarudi.

Ishirini ikatimia, na witri yake. Watu wakaanza kutoka wanatafuta viatu gizani, na Mbaruku akatoka wa mwisho amekunja mgongo. Akaniona. Akaiona redio. Watu nao wakaiona, wakasimama, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi.

"Shemeji," akasema, "redio imesema?"

"Imesema."

"Imesema nini?"

"Unaniuliza mimi? Shahidi mmoja, mwanamke, hajui alifu. Nikikuambia utajuaje kama naona au nabahatisha?"

Mtu mmoja akabonyeza simu yake iwake, ikaanza kupiga ule muziki wake wa kuamka. Bado nina kama dakika moja hivi kabla simu haijanitangulia kusema. Mbaruku alimtazama mwenye simu, akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimekaa, yeye amesimama, lakini sidhani kama kuna aliyeona hivyo.

"Sikudhani," akasema. Hajawahi kuniita jina tangu nimeolewa. "Mwaka ule uliona."

"Sema wasikie hata waliokwisha kuvaa viatu."

"Mwaka ule shemeji yangu aliuona mwezi," akasema kwa sauti ya mimbari. "Alituambia pembe ziko juu, na ndivyo mwezi ulivyo. Ushahidi wake peke yake haukutosha kufungulia kijiji, hiyo ni sheria. Lakini kusema hakuona, hiyo haikuwa sheria. Hiyo nilitia mwenyewe. Niliona haya kwa ajili ya betri."

Yule mwenye simu alikuwa ameiziba kwa kiganja.

"Nisamehe, shemeji," Mbaruku akasema.

"Hilo nitalifikiria," nikamwambia. "Mwezi umeonekana. Kesho Idi."

Nilimngoja aseme, nani mwingine amesikia? Alete redio, aiwashe, ampigie Sheikh Lukumani. Hakuuliza. Aliingia ndani na viatu mkononi, nikasikia spika inakwaruza, na takbira ikaanza kwa neno langu peke yangu, watu wakaipokea pale pale uani, mpaka Bonifasi akatoka akauliza kama sasa anaweza kuwasha taa.